Uchambuzi wa kisa: seva ya utafutaji iliyokataa kuanza baada ya umeme kukatika, Lamu

## Mazingira ya kisa

Kisa hiki kilitokea katika taasisi ndogo ya kuhifadhi nyaraka kisiwani Lamu. Majina ya watu, ya taasisi na ya mashine yameondolewa, na maelezo machache yasiyogusa kiini cha tatizo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike.

Taasisi hiyo ina mkusanyo wa barua za wafanyabiashara, madaftari ya familia na hati nyingine za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hati hizo zimepigwa picha na kunakiliwa kwa herufi za Kilatini, ili msomaji anayetafuta jina la mtu, la jahazi au la mtaa aletewe kila ukurasa linapotajwa. Kazi ya kutafuta inafanywa na Elasticsearch, toleo la 8, kwenye kompyuta moja yenye Ubuntu 22.04 na RAM ya gigabaiti 16. Kompyuta hiyo imewekwa katika chumba cha nyuma cha maktaba, pamoja na betri ya akiba inayohimili kukatika kwa umeme kwa muda mfupi tu.

Mtunzaji wa kila siku wa seva ni fundi kijana wa hapo hapo Lamu, ambaye pia anatunza mtandao na kompyuta za wasomaji. Mimi ninaishi Malindi na ninaingia kwenye seva kwa `ssh` pale ninapoombwa msaada. Kufika huko kwa miguu yangu kunamaanisha barabara hadi Mokowe na kisha boti, kwa hiyo tangu mwanzo ilieleweka kwamba seva lazima iwe na uwezo wa kuzimika na kuwaka yenyewe bila kusubiri mtu aje kuandika amri.

Kuna jambo moja la historia ya seva hii ambalo msomaji anapaswa kulishika, kwa sababu ndilo lililozaa tatizo lote. Elasticsearch iliwekwa mara ya kwanza kwa kifurushi cha deb na ikafanya kazi vizuri kwa muda mrefu. Baadaye fundi aliihamishia kwenye kontena la Docker ili kubadilisha matoleo kuwe kwepesi. Data ilipokwisha kuhamishwa na utafutaji kuthibitishwa kuwa sawa, alikiondoa kifurushi cha zamani kwa `apt purge elasticsearch`. Hakuna kilichoharibika siku hiyo wala wiki zilizofuata.

## Tukio la kwanza

Umeme ulikatika mjini kwa muda uliozidi uwezo wa betri, na seva ikazimika. Uliporudi, mashine iliwaka, Docker ikaanza, ukurasa wa maktaba ukafunguka, lakini kila aliyejaribu kutafuta aliambiwa kuwa huduma haipatikani. Amri ya `docker ps` ilionyesha kwamba kontena linaanza, linakufa na kuanza tena bila kukoma, na katika safu ya hali paliandikwa `Restarting (78)`. Namba hiyo ni msimbo wa kutokea, na kwa Elasticsearch ina maana mahususi: programu haikuanguka katikati ya kazi, bali ilijikagua wakati wa kuanza, ikakuta sharti halijatimizwa, na ikajizima kwa hiari yake. Logi ya kontena ilisema hivi:

```
bootstrap check failure [1] of [1]: max virtual memory areas
vm.max_map_count [65530] is too low, increase to at least [262144]
```

Fundi aliusoma ujumbe huo kama ambavyo wengi huusoma mara ya kwanza. Aliona kumbukumbu ikitajwa, akaona kwamba kitu fulani ni kidogo mno, akahitimisha kuwa RAM haitoshi. Alimwambia msimamizi wa maktaba, mama ambaye sote tunamwita Mwalimu, kwamba huenda pakahitajika kununua RAM nyingine Mombasa. Wakati huo huo aliongeza kiwango cha kumbukumbu kilichotengewa Java ndani ya faili la mipangilio ya kontena. Ujumbe ulibaki vile vile, neno kwa neno na namba kwa namba. Dalili hiyo ilitosha kuonyesha kwamba alichokigusa hakihusiani na kinacholalamikiwa, kwa sababu namba 65530 haikusogea hata kidogo.

Jaribio lake la pili lilikuwa karibu zaidi na ukweli. Aliandika kigezo cha kerneli kilichotajwa katika ujumbe, `vm.max_map_count`, chini ya sehemu ya `sysctls` katika faili la kontena, akitarajia Docker ikiweke kwa niaba yake. Docker ilikataa kuliwasha kontena kabisa. Sababu ni kwamba kontena halina kerneli yake, linatumia ile ya mashine iliyolibeba. Vipo vigezo ambavyo kerneli huweza kumpa kila kontena nakala yake, kama vile vingi vya mtandao, lakini `vm.max_map_count` si kimojawapo. Thamani yake ni moja kwa mashine nzima, na anayeweza kuibadilisha ni msimamizi wa mashine, akiwa nje ya kontena.

Hatimaye alifanya kilichofaa kwa saa ile. Kwenye mashine yenyewe aliandika:

```
sudo sysctl -w vm.max_map_count=262144
```

Kontena lilianza, na baada ya muda mfupi utafutaji ulirudi. Fundi alijua kwamba amri hiyo inabadilisha kerneli inayoendelea kufanya kazi tu, na kwamba thamani itapotea mashine ikizimwa. Kwa hiyo alitengeneza faili `/etc/sysctl.d/60-elasticsearch` lenye mstari mmoja, `vm.max_map_count = 262144`, kisha akalijaribu:

```
sudo sysctl -p /etc/sysctl.d/60-elasticsearch
vm.max_map_count = 262144
```

Faili lilisomwa, thamani ikachapishwa, na kwa macho ya mtu yeyote kazi ilikuwa imekamilika. Aliandika katika daftari la matengenezo kwamba tatizo limetatuliwa kwa kudumu.

## Tukio la pili

Majuma kadhaa baadaye seva iliwashwa upya kwa makusudi, baada ya kuwekwa kerneli mpya iliyokuja na masasisho ya usalama. Kontena likaanza tena kufa na kuzaliwa, kwa msimbo ule ule wa 78 na ujumbe ule ule wa 65530. Hapo ndipo nilipopigiwa simu. Maneno ya fundi yalikuwa mafupi: "Kaka, faili lipo, nimelifungua naliona, na bado kerneli hailijui."

Maneno hayo yalikuwa maelezo sahihi kabisa ya hali ilivyokuwa. Nilimwomba asiandike `sysctl -w` mpaka tumalize kuangalia, ingawa wasomaji wawili walikuwa wanasubiri, kwa sababu amri hiyo ingefuta ushahidi pekee tuliokuwa nao, yaani thamani ambayo mashine hufikia inapoachwa iwake peke yake. Mwalimu alikubali wasomaji wahudumiwe kwa orodha ya karatasi asubuhi hiyo.

## Uchunguzi

Tulianza kwa kuiuliza kerneli yenyewe. `sysctl vm.max_map_count` ilijibu 65530, kwa hiyo Elasticsearch haikukosea katika lalamiko lake. Swali lililobaki lilikuwa kwa nini faili lililopo halikufanya kazi wakati wa kuwaka.

Kwenye Ubuntu, kazi ya kusoma mafaili ya vigezo vya kerneli mashine inapowaka hufanywa na huduma iitwayo `systemd-sysctl`. Tuliangalia hali yake kwa `systemctl status systemd-sysctl`, nayo ikasema imemaliza kazi salama bila kosa lolote. Jibu hilo lilimkatisha tamaa fundi, lakini lilikuwa na habari ndani yake. Kama faili lingekuwa na mstari ulioandikwa vibaya, huduma ingelalamika kwenye logi. Kukaa kwake kimya kulimaanisha ama imeweka thamani na kitu kingine kikaibadilisha baadaye, ama haikulifungua faili hilo kabisa.

Ipo njia rahisi ya kutofautisha hali hizo mbili, nayo haitumiwi inavyostahili. Programu ya `systemd-sysctl` inaweza kuombwa ionyeshe mafaili yote inayoyatambua, kwa mpangilio inaoyasoma, bila kubadilisha chochote:

```
/usr/lib/systemd/systemd-sysctl --cat-config
```

Kila faili hutanguliwa na jina lake, na yaliyomo hufuata chini yake. Tuliyapitia majina yote kutoka juu hadi chini. Mafaili mengine ya `/etc/sysctl.d` yalikuwepo, ila `60-elasticsearch` halikuwemo. Yote yaliyotajwa yalikuwa na kitu kimoja ambacho hilo halikuwa nacho: jina lililomalizikia na `.conf`.

Hiyo ndiyo sababu nzima. Huduma ya kuwaka husoma mafaili yenye mwisho wa `.conf` peke yake, na mengine huyapita bila onyo, kwa kudhani kuwa ni nakala za akiba au mabaki ya mhariri wa maandishi. Amri ya `sysctl -p` ikipewa jina la faili haifuati kanuni hiyo, bali hufungua faili lolote iliyoelekezwa, liwe na jina gani na liwe popote. Fundi alikuwa amethibitisha kwamba maandishi yake yanasomeka, wala hakuwa amethibitisha kwamba yatasomwa.

Lakini swali lingine lilikuwa limebaki, na fundi mwenyewe ndiye aliyeliuliza. Kabla ya umeme kukatika, kontena lilifanya kazi kwa wiki nyingi bila mtu yeyote kuwahi kuweka kigezo hiki. Thamani ya 262144 ilitoka wapi?

Jibu lilikuwa katika `/var/log/apt/history.log` na nakala zake za zamani. Kifurushi cha deb cha Elasticsearch kilichokuwa kimewekwa kilikuja na faili lake dogo, `/usr/lib/sysctl.d/elasticsearch.conf`, lililoweka `vm.max_map_count` kuwa 262144. Ndiyo maana walioanzia kwenye kifurushi mara nyingi hawajui kwamba sharti hili lipo. Fundi alipokiondoa kifurushi kwa `purge`, faili hilo liliondoka pamoja nacho. Kuondoka kwa faili, hata hivyo, hakubadilishi kerneli iliyo hai, kwa kuwa thamani iliyokwisha kuwekwa hubaki pale mpaka mtu aibadilishe au mashine izimwe. Tulilinganisha tarehe ya `purge` na orodha ya `journalctl --list-boots`, tukaona kwamba mashine haikuwahi kuzimwa kati ya siku kifurushi kilipoondolewa na siku umeme ulipokatika. Kontena lilikuwa likiishi kwa thamani iliyoachwa na programu ambayo haipo tena.

## Maamuzi na sababu zake

Tulikuwa na njia tatu mbele yetu, na nitaeleza kwa nini mbili zilikataliwa.

Ya kwanza ilikuwa kuiambia Elasticsearch ipuuze sharti. Ukaguzi wa kuanzia huwa mkali pale tu ambapo programu inasikiliza kwenye anwani inayofikika kutoka nje ya mashine, na ndani ya kontena hali huwa hivyo kwa kawaida. Ikielezwa kwa `discovery.type=single-node` kwamba iko peke yake, inaendelea kuanza na lile kosa linakuwa onyo tu kwenye logi. Kwa seva moja kama hii mpangilio huo ni halali. Niliukataa usitumike kama tiba ya tatizo hili, kwa sababu kikomo kingebaki pale pale kwenye kerneli, na kitu pekee ambacho kingebadilika ni kwamba hatungeambiwa.

Ya pili ilikuwa kuizuia Elasticsearch isitumie ramani za kumbukumbu, yaani isiunganishe mafaili moja kwa moja na kumbukumbu, kwa kuandika `node.store.allow_mmap: false`. Hapo ukaguzi wa kigezo hiki haufanyiki kabisa, na sababu yake ni ya haki, kwa kuwa programu haihitaji tena ramani nyingi. Gharama yake ni kasi ya kusoma faharasa. Njia hii naiona inafaa kwa mtu aliyekodi mashine ambayo yenyewe ni kontena ndani ya mashine ya mwingine, ambako hana ruhusa ya kugusa kerneli na mwenye mashine hataki kumsaidia. Taasisi hii ilimiliki kompyuta yake, hivyo hapakuwa na haja ya kulipa gharama hiyo.

Tulichagua ya tatu, yaani kuweka kigezo kwa kudumu kwenye mashine yenyewe, kwa jina sahihi la faili:

```
sudo mv /etc/sysctl.d/60-elasticsearch \
        /etc/sysctl.d/60-elasticsearch.conf
```

Kisha likaja suala la kuthibitisha, ambalo tulilitumia muda mrefu kuliko marekebisho yenyewe. Kuiangalia thamani baada ya kuiweka kwa mkono hakuthibitishi chochote kuhusu kesho. Tulilisimamisha kontena. Wakati huo kerneli ilikuwa bado kwenye 65530 kwa kuwa hatukuwa tumeigusa, jambo lililotufaa sana. Tukaiendesha upya huduma ile ile inayofanya kazi mashine inapowaka, na hapo tu ndipo tukauliza:

```
sudo systemctl restart systemd-sysctl
sysctl vm.max_map_count
vm.max_map_count = 262144
```

Kama thamani ingekuwa tayari 262144 kabla ya jaribio, jibu hili lisingekuwa na maana, kwa sababu lingekuwa hivyo hivyo hata kama faili halikusomwa. Anayefanya jaribio kama hili kwenye mashine iliyokwisha kurekebishwa kwa mkono airudishe kwanza thamani kuwa 65530 kwa `sysctl -w`, huduma ya utafutaji ikiwa imesimamishwa, ndipo aendelee.

Jioni maktaba ilipofungwa, fundi aliiwasha mashine upya, huku mimi nikiwa nimekata `ssh` na kukubaliana naye kwamba hakuna atakayeandika amri yoyote.

## Matokeo

Mashine ilirudi ikiwa na 262144, kontena likaanza mara moja, na utafutaji ukajibu bila kuguswa. Umeme umekatika tena tangu siku ile na seva imerudi peke yake kila mara. RAM haikununuliwa. Kiwango cha Java kilichoongezwa siku ya kwanza kilirudishwa kilipokuwa, kwa sababu Elasticsearch hutegemea pia kumbukumbu iliyo nje ya Java ili mfumo uhifadhi kurasa za faharasa zinazosomwa mara kwa mara, na kuijaza Java kupita kiasi kungeinyang'anya nafasi hiyo.

## Uchambuzi

### Kikomo kinahesabu nini

Upotofu wa siku ya kwanza ulitokana na kudhani kwamba `vm.max_map_count` hupima ukubwa wa kumbukumbu. Kigezo hiki kinahesabu idadi ya maeneo tofauti ambayo mchakato mmoja unaruhusiwa kuwa nayo katika ramani yake ya kumbukumbu pepe. Eneo moja linaweza kuwa la kilobaiti chache au la gigabaiti, na yote mawili huhesabiwa kuwa moja. Ni kama ghala lenye nafasi tele ambalo daftari lake la stakabadhi limeishiwa mistari: mzigo mpya utakataliwa mlangoni ijapokuwa sakafu ni tupu. Ndiyo maana mashine ya gigabaiti 16 na ya gigabaiti 128 hupata ujumbe uleule, wenye namba zilezile.

Elasticsearch hufikia idadi kubwa kwa sababu ya Lucene, maktaba inayohifadhi faharasa zake. Lucene huigawa kila faharasa katika vipande, kila kipande kina mafaili kadhaa, na mengi ya mafaili hayo hayasomwi kwa njia ya kawaida ya kufungua na kunakili, bali huunganishwa moja kwa moja na kumbukumbu pepe ya mchakato. Kila muungano ni eneo moja au zaidi. Faharasa zikiongezeka, vipande huongezeka, na maeneo huongezeka pamoja navyo.

Idadi halisi inaweza kuonekana, kwa kuwa kerneli huandika kila eneo kwenye mstari wake:

```
sudo wc -l /proc/$(pgrep -f bootstrap.Elasticsearch)/maps
```

Katika seva ya Lamu mistari haikufika hata elfu mbili. Fundi aliuliza, na swali lake ni la haki, kwa nini basi programu ikatae kuanza kwa kudai 262144 wakati haihitaji hata sehemu ndogo ya 65530. Ukweli ni kwamba siku ile ingeweza kufanya kazi bila shida yoyote. Lakini ukaguzi haupimi mahitaji ya siku ile. Kikomo kinapofikiwa katikati ya kazi, kerneli hukataa muungano mpya, na Java hutoa kosa la `Map failed` wakati programu inaandika au kuunganisha vipande vya faharasa. Kosa hilo hutokea saa ambayo hakuna aliyetarajia, na linaweza kuonekana kama upungufu wa kumbukumbu huku RAM ikiwa wazi. Waandishi wa Elasticsearch waliona ni afadhali programu ikatae mlangoni kuliko kuangukia hapo, na tangu toleo la 5 ukaguzi huu umekuwa wa lazima kwa seva inayofikika kutoka nje. Binafsi naona uamuzi huo ni sahihi, ingawa ujumbe wake ungeweza kutaja kwamba kinachohesabiwa ni maeneo na kuwaepusha watu safari za kununua RAM.

Namba 65530 nayo ina asili yake. Inatokana na 65535, namba kubwa kuliko zote zinazoandikika kwa biti 16, ikiondolewa 5. Mchakato unapokufa vibaya na kerneli ikaombwa kuandika picha ya kumbukumbu yake kwenye diski, muundo wa faili hilo ulihesabu maeneo kwa biti 16, kwa hiyo mchakato wenye maeneo mengi zaidi usingeweza kuandikwa sawasawa. Hizo 5 ni akiba ya nafasi za ziada. Hakuna hesabu ya utendaji wa seva nyuma ya namba hiyo, na kuipandisha hadi 262144 hakutengi kumbukumbu yoyote mapema.

### Kwa nini kosa lilijificha mara mbili

Katika matukio yote mawili, hali ya kerneli iliyo hai na hali ya mafaili yaliyo diskini zilikuwa zimeachana, na hakuna kitu kinachozilinganisha mpaka mashine iwake. Mara ya kwanza diski ilipoteza faili na kerneli ikabaki na thamani. Mara ya pili kerneli ilipewa thamani kwa mkono, na diskini palikuwa na faili ambalo halihesabiki. Kwa mtazamaji, hali zote mbili ni seva inayofanya kazi vizuri.

Kilichofanywa vizuri ni kwamba fundi alijua tangu mwanzo kuwa `sysctl -w` haidumu, akachukua hatua ya kuidumisha, na akaandika alichofanya. Daftari lake ndilo lililotuwezesha kujua jina la faili lilianzia wapi. Kilichokosekana ni jaribio linalopita njia ileile ya kuwaka. `sysctl -p` yenye jina la faili haipiti njia hiyo. `sysctl --system` ingekuwa bora, kwa kuwa nayo hufuata kanuni ya `.conf` na huchapisha jina la kila faili inalolitumia, na kutokuonekana kwa `60-elasticsearch` katika orodha hiyo kungemshtua siku ileile.

Upande wa kuhamia Docker, kuondoa kifurushi kulifanywa kwa utaratibu mzuri wa data lakini bila kutazama kifurushi kilileta nini kingine. `dpkg -L elasticsearch`, ikiendeshwa kabla ya `purge`, ingeonyesha faili la `/usr/lib/sysctl.d` miongoni mwa mafaili yake. Kumtarajia mtu alijue hilo bila kudokezwa ni kumwonea. Kuiwasha mashine upya mara moja baada ya uhamisho, maktaba ikiwa imefungwa, kungelifichua hata bila kujua pa kutazama.

### Litakalohitaji kuangaliwa wakati wa kuhamia Ubuntu 24.04

Mafaili ya vigezo hupangwa kwa jina bila kujali yako saraka gani, na thamani ya faili linalosomwa baadaye ndiyo inayobaki. Ubuntu 24.04 huja na faili `10-map-count.conf` linaloweka `vm.max_map_count` kuwa 1048576, kiwango kinachozidi kwa mbali kile Elasticsearch inachodai. Faili letu linaanza na 60, kwa hiyo litasomwa baada ya hilo, na badala ya kupandisha kiwango litakishusha kutoka 1048576 hadi 262144. Elasticsearch haitalalamika, kwa sababu sharti lake bado litakuwa limetimizwa, lakini programu nyingine kwenye mashine ileile inaweza kuwa imetegemea kiwango kikubwa. Tumeandika ndani ya faili, juu ya mstari wenyewe, kwamba liliwekwa kwa ajili ya kontena la utafutaji kwenye 22.04, na kwamba liondolewe mashine itakapohamishiwa toleo la 24.04, baada ya kuhakikisha kwa `--cat-config` kwamba lile la 10 lipo.